Shailoki mbele ya hadhira ya Tabora: maswali ya jukwaani kuhusu Mabepari wa Venisi

Wenzangu walimu wa sanaa za maonyesho,

Mada yangu inahusu hotuba moja tu katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Mwalimu alisoma Tabora, akarudi kufundisha hapa baada ya Makerere. Lakini sababu yangu kubwa ni hadhira ya mji huu, ambayo hotuba hiyo inaigusa kuliko hadhira nyingine nyingi.

Wanafunzi wakifika kwenye kesi, swali lao la kwanza huwa la maleba: Shailoki avae nini? Wengi hupendekeza kanzu na kilemba, au mavazi ya mfanyabiashara wa Kihindi. Hawakosi hoja. Biashara ya pembe za ndovu iliyopita Unyanyembe iliendeshwa kwa mikopo, na Taria Topan wa Unguja ndiye aliyegharimia safari za Tippu Tip. Katika tamthilia, Antonio naye anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Msafiri Burton, mwaka 1857, alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, yaani hapa. Kwa mwendo huo deni la miezi mitatu lingeiva msafara ungali njiani. Mtu wa Tabora haelezwi mara mbili kwa nini Antonio amekwama.

Hata hivyo maleba hayo nayakataa. Tukimvika Shailoki mavazi ya jirani yetu mmoja, hadhira itamhukumu jirani huyo kabla kesi haijaanza, na swali zito la tamthilia litapotea. Avae kama Antonio anavyovaa, tofauti ikiwa moja au mbili tu. Wote wawili ni watu wa biashara.

Swali zito liko katika sehemu ya nne. Mtawala wa Venisi anamuuliza Shailoki atatarajiaje huruma ilhali yeye mwenyewe hana. Shailoki anajibu kwa kuielekeza mahakama kwenye nyumba zao wenyewe: mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa kwa kuwa ni mali yenu, je, nikiwaambia muwaache huru na muwaoze watoto wenu, mtakubali? Mtasema ni wenu. Basi na ratili hii ya nyama ni yangu, nimeinunua.

Sasa tazameni kinachofuata. Hakuna anayemjibu. Mtawala anasema tu kwamba ana mamlaka ya kuahirisha shauri, isipokuwa kama Belario, mwanasheria aliyemwita, atafika. Darasani mistari hiyo husomwa haraka kwa sababu kila mmoja anamngojea Porshia. Jukwaani ndipo mwongozaji anapotakiwa kusimamisha mambo. Shailoki amalize, ageuke awatazame waheshimiwa mmoja mmoja, kisha Mtawala achelewe kusema mpaka watazamaji waanze kuhisi kwamba hana jibu.

Je, tuwaweke watumwa jukwaani? Wanafunzi hupenda kuingiza msafara wenye minyororo. Mimi nasema hapana, kwanza kwa ajili ya historia. Watumwa walipita njia hii na wengine waliuzwa hapahapa, lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliolipwa kwa nguo na shanga. Tukimfunga kila mbeba mzigo mnyororo tunawanyang'anya mababu zetu kazi waliyojivunia. Pili, msafara mzima huvuta macho yote. Mtumishi mmoja asiyesema, anayewamiminia waheshimiwa maji tangu pazia lifunguliwe, anatosha. Hotuba ikianza, asitishe kumimina. Watazamaji watagundua wenyewe kwamba alikuwapo muda wote.

Kuhusu nia ya mtunzi, wanafunzi huandika kwamba Shakespeare alipinga utumwa. Maandishi hayatupi ruhusa hiyo. Shailoki haombi mtumwa yeyote aachwe huru. Anautumia utumwa kuhalalisha kisu chake. Tunachoweza kuthibitisha ni mpangilio: mtunzi aliiweka hoja hiyo kinywani mwa mtu anayetaka kuua, kisha akaiacha mahakama bila jibu. Wengine huisoma kama funzo dhidi ya ubepari, kwa kuwa tafsiri ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Usomaji huo unakubalika, mradi usimwachilie Antonio, ambaye anakaa upande ule ule wa walioambiwa wana watumwa.

Onyesho likiharibika hapa, dalili yake ni kicheko. Watazamaji wakicheka Shailoki anapotaja punda na mbwa, mwigizaji ameisema kwa kejeli na kwa kupaza sauti. Mrudisheni mazoezini aiseme taratibu, kama mtu anayesoma hati mbele ya waliotia sahihi.