Mateke ya Usingizini na Miguu Isiyotulia: Namna ya Kuyatofautisha Katika Vituo vya Afya vya Kasulu na Kibondo

Mijongeo ya kujirudia ya viungo wakati wa usingizi ni hali ambayo misuli ya mguu mmoja au ya miguu yote miwili hujikaza na kulegea kwa mfuatano, bila mwenye miguu kukusudia na, mara nyingi, bila yeye kujua. Dole gumba hunyooka likaelekea juu, kifundo kikakunjika kuelekea muundi, na mjongeo ukiwa na nguvu goti na nyonga navyo hukunjika, ndipo mwenzi aliye kitandani anapohisi teke. Daktari Symonds wa Uingereza aliieleza hali hii mwaka 1953 kwa jina la mioklonia ya usiku, yaani mishtuko ya misuli ya usiku, lakini vipimo vilivyofanywa baadaye vilidhihirisha kwamba alama yake kuu si mshtuko bali ni mpangilio wake wa wakati. Kila mjongeo hudumu kati ya nusu sekunde na sekunde 10, nafasi kati ya mwanzo wa mmoja na mwanzo wa unaofuata ni sekunde 5 hadi 90, na hauhesabiwi kuwa mfuatano mpaka itimie mijongeo minne au zaidi.

Ugonjwa wa miguu isiyotulia ni jambo jingine, ingawa mara nyingi mambo haya mawili huchanganywa. Huu ni ugonjwa wa mtu aliye macho: anapokaa au kujinyoosha, hasa jioni na usiku, hupatwa na haja kubwa ya kusogeza miguu, kwa kawaida pamoja na hisia mbaya ndani ya miguu ambayo wengine huieleza kama kutambaliwa au kuvutwa, na nafuu huja pale tu anaposimama, anapotembea au anapojinyoosha, kwa muda wote anaoendelea kufanya hivyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouthibitisha. Utambuzi wake hutokana na maelezo ya mgonjwa peke yake. Mateke ya usingizini, kinyume chake, hayatambuliwi kwa maelezo ya mgonjwa, kwa kuwa yeye amelala. Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya anahitaji mashahidi wawili, yaani mgonjwa kwa yale anayoyahisi na mwenzi wake kwa yale anayoyaona, na ni vyema kila mmoja aulizwe peke yake, kwa Kiha au Kirundi inapobidi, ili jibu la mmoja lisigeuke kuwa jibu la mwenzake.

Uhusiano kati ya hali hizi mbili upo, lakini ni wa upande mmoja. Watu wengi wenye miguu isiyotulia, takribani wanane au tisa katika kila kumi, huwa na mijongeo hii wanapopimwa usingizini, ilhali walio wengi miongoni mwa wenye mijongeo hawana miguu isiyotulia, na idadi yao huongezeka kadiri umri unavyosogea. Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania, kwa maana utafiti wa kijamii uliofanyika kaskazini mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2010, ukihusisha zaidi ya watu 7,000, uliukuta ugonjwa wa miguu isiyotulia kuwa nadra mno ukilinganishwa na Ulaya. Utafiti huo haukufanyika Kigoma na hauwezi kuhamishiwa huko moja kwa moja, lakini unatosha kumfanya mhudumu asite kuandika jina la ugonjwa huo kwa sababu tu mke amesema mumewe anapiga teke.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mkulima wa maharage wa Kasulu mwenye umri wa miaka 58, anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mkewe analalamika kwamba chandarua huchomolewa kutoka chini ya godoro karibu kila usiku, na alipoangalia saa kuanzia saa tano usiku alihesabu mateke 36 kwa dakika 20, moja kila baada ya nusu dakika na ushei. Mpangilio huo unaondoa mambo kadhaa. Mshtuko wa kuingia usingizini huwa mmoja au michache, hutikisa mwili mzima na hutokea mtu anapoanza kusinzia. Kukakamaa kwa misuli ya kigimbi humwamsha mtu kwa maumivu makali. Kifafa huweza kuambatana na kuuma ulimi, kujikojolea au kuchanganyikiwa baada ya tukio. Na anayeigiza ndoto hupiga kelele na kurusha mikono bila mfuatano wa wakati. Mkoromo mkubwa wenye vipindi vya pumzi kukatika, nao, ungeelekeza kwenye tatizo la kupumua, ambalo huleta mijongeo yake kila pumzi inaporudi.

Ikifika hapo, mhudumu anaweza kushawishika kuzidisha mateke 36 mara tatu akapata 108 kwa saa, na hilo ni kosa. Kiwango kinachotumiwa kwa watu wazima ni mijongeo zaidi ya 15 kwa kila saa ya usingizi wa usiku mzima, na mijongeo hii kwa kawaida hukusanyika zaidi nusu ya kwanza ya usiku. Ikiwa mkulima huyo alipiga mateke 108 katika saa moja kisha akatulia hadi alfajiri, wastani wa saa zake saba ni takribani 15, yaani yuko mpakani tu. Kipimo kamili huhitaji elektrodi juu ya msuli wa mbele ya muundi pamoja na rekodi ya ubongo na ya pumzi usiku kucha, na vifaa hivyo si vya kituo cha afya cha wilaya. Hesabu ya mwenzi, au video ya simu, huonyesha mpangilio, haitoi wastani.

Hata wastani ukivuka kiwango, bado si ugonjwa. Huitwa ugonjwa pale tu usingizi unapovurugika au mchana unapoharibika kwa uchovu, na sababu nyingine ikakosekana. Mkulima wa mfano huu anaamka akiwa na nguvu, na jioni hukaa kando ya moto akipukuchua maharage kwa muda mrefu bila haja ya kusimama, jambo linalotosha kuiondoa miguu isiyotulia. Linalobaki ni kuuliza dawa anazotumia. Amitriptilini, anayopewa kwa maumivu ya mgongo, pamoja na fluoksetini, huweza kuzidisha mijongeo, na uamuzi wa kuipunguza au kuibadilisha ni wa tabibu aliyeiandika, hatua kwa hatua. Metoklopramidi na haloperidoli, kwa upande wao, huweza kuamsha miguu isiyotulia kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopitisha habari kati ya seli za neva.

Mjadala mrefu zaidi unastahili kuwa juu ya madini ya chuma, kwa sababu upungufu wake huhusishwa na miguu isiyotulia, na huku kuna malaria, minyoo ya safura na mimba za karibu karibu. Kipimo cha wekundu wa damu hakitoshi, kwani akiba ya chuma huweza kuisha kabla wekundu haujashuka. Akiba hiyo hupimwa kwa feritini, ambayo nayo hupanda wakati wa maambukizi na hivyo kuficha upungufu kwa mgonjwa wa malaria. Mjamzito anayelalamikia miguu jioni, kwa hiyo, aulizwe kama kweli anameza fefo alizopewa kliniki, na kama huzimeza pamoja na chai, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Dalili zake mara nyingi hukoma baada ya kujifungua, naye anastahili kuelezwa hivyo.

Kwa mkulima wa Kasulu, ushauri sahihi ni kuchomeka chandarua upya kila usiku, mkewe kulala kwenye godoro lake mwenyewe ikiwezekana, na kurudi kituoni iwapo uchovu wa mchana utaanza. Wahudumu wa Kasulu na Kibondo wanaombwa wasimwandikie dawa ya miguu mtu ambaye miguu yake haimsumbui.