Gesi Inarudi, Kituo cha Watoto Kiko Wapi?

Wasikilizaji wetu wa Tungue, tangazo mmelisikia: mradi wa gesi wa Afungi, uliosimama Aprili 2021, unarudi. Hatulirudii hapa. Redio hii inauliza la kwetu. Magari yakiongezeka barabarani, yatasimama wapi kumchukua mwanafunzi?

Maana magari tunayaona. Yanapita. Kituo hatukioni. Mtoto wa shule hana hata kibao cha kusimama chini yake akingoja chapa.

Wazazi wanataka kuandika barua. Waandike, lakini wajue wanamwandikia nani. Mocímboa da Praia ni manispaa, basi barua ya huko inakwenda manispaa. Palma bado. Uchaguzi wa Oktoba 2023 ulifanyika katika manispaa 65, Ibo na Balama zikiwa miongoni mwa zile mpya, na Palma haikuwamo. Kwa hiyo mzazi wa Palma amwandikie administradori wa wilaya, na nakala iende idara ya wilaya ya mipango na miundombinu. Kama shule iko kando ya barabara kuu, nakala nyingine iende ANE, wenye barabara. Barua isiyomfikia mwenye barabara itazunguka ofisini hadi mvua zije. Na iandikwe kwa Kireno, kwani ofisi inasoma Kireno, hata kama malalamiko tunayatoa kwa lugha yetu.

Sasa idadi. Barua nyingi husema "wanafunzi wetu wengi wanateseka". Afisa atasoma, atasikitika, ataweka kando. Wengi ni wangapi? Tuchukue mfano tu. Shule ina wanafunzi 600 kwa zamu mbili, asubuhi 300 na mchana 300. Usiandike abiria 600, maana mtoto wa jirani anatembea na hana haja ya gari. Uliza darasa kwa darasa, nani anatoka mbali, mtaa gani. Tuseme mmoja kati ya wanne anatoka mbali: hao ni 75 kila zamu. Chapa ya viti 15 inahitaji safari tano kuwabeba. Saa sita mchana ndiyo yenye kishindo: 75 wanatoka na 75 wanaingia, watu 150 barabarani kwa wakati mmoja, pande mbili. Hapo ndipo ajali zinapotokea, na hilo ndilo la kuandika mstari wa kwanza wa barua.

Kisha mkae barabarani wenyewe, siku tatu za kawaida, mhesabu. Daftari la shule linasema nani ameandikishwa. Halisemi nani alingoja chapa, ikapita, akaamua kutembea. Huyo ndiye abiria wenu, na asipohesabiwa ataonekana hayupo.

Ombeni pia sehemu halisi. Si kwenye kona, si juu ya kilima ambako dereva anamwona mtoto wakati amekwishamfikia. Gari litoke nje ya njia, vituo viwe viwili, kila upande kimoja, na kila kimoja kiwe baada ya kivuko, ili mtoto akishuka avuke nyuma ya gari, si mbele yake.

Lakini kibao peke yake hakisimamishi chapa. Ng'ambo ya Ruvuma wanalijua hilo. Tanzania vituo vipo, na Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari fupi za mjini iliwekwa kuwa shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Kondakta anapiga hesabu: watoto watatu ndio mtu mzima mmoja. Anawaacha. Kwa hiyo barua iombe kituo na iseme vilevile nani atawalazimisha wenye chapa kusimama saa za shule, na kwa nauli ipi.

Magari yanapita. Kila siku yanapita. Hatusemi yasipite! Tunasema yasimame. Wazee wa baraza la shule, msingoje mkutano mwingine. Akina mama wa sokoni, nyinyi mnawajua watoto wa kila njia, toeni majina ya mitaa. Walimu, fungueni madaftari. Barua ipelekwe kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala yenye muhuri ibaki kwenu. Na baada ya wiki mbili rudini mlangoni, muulize. Nendeni watu kumi, si mmoja!

Na wewe, administradori, kama unatusikiliza: toka ofisini siku moja ya shule, saa sita mchana, usimame pale barabarani pamoja nao.