Kurudisha Nyuma Matangazo Mubashara ya Yutyubu

Matangazo mubashara ya Yutyubu yanaweza kurudishwa nyuma, mradi mrushaji ameruhusu. Kipande kilichopita huhifadhiwa kwenye mitambo ya Yutyubu, si kwenye simu ya mtazamaji. Kwa hiyo hata aliyechelewa anaweza kuanzia mwanzo.

Hata hivyo, kuna kikomo. Mtazamaji anaweza kurudi nyuma kwa muda usiozidi saa 12, na muda huo husogea pamoja na matangazo. Mfano ni mkutano ulioanza saa 2 asubuhi. Atakayejiunga saa 4 asubuhi ataweza kurudi hadi ufunguzi. Lakini ukiendelea hadi saa 4 usiku, zitakuwa zimepita saa 14. Hapo saa 2 za mwanzo hazifikiki tena.

Kurudi nyuma ni rahisi. Gusa video, kisha vuta mstari ulio chini yake kuelekea kushoto. Nukta nyekundu ikigeuka kijivu, unatazama yaliyopita. Gusa nukta hiyo ili kurudi kwenye yanayoendelea sasa. Mstari usipovutika, mrushaji amezuia.

Je, matangazo yakiisha? Yaliyodumu chini ya saa 12 kwa kawaida hubaki kwenye chaneli kama video. Yaliyozidi muda huo huenda yasibaki. Basi kumbuka: kikomo ni saa 12. Matangazo yakiwa marefu, rudi kutazama mwanzo wake kabla muda huo haujapita.