Taa Mbele, Kibao Juu

Msikilizaji, kuuza mikoba ya ukili usiku wa Idd pale Mnazi Mmoja, Unguja, meza ya futi nne inatosha. Ila usiilaze mikoba bapa. Pindua kreti mbili za soda upande wa nyuma wa meza, zifunike kanga, uipange kwa ngazi. Kibao kining'inie juu ya vichwa, kwa sababu cha mezani huzibwa na mteja wa kwanza tu.

Kwenye taa ndipo wengi huharibu. Ikiwa nyuma yako, humpiga mnunuzi machoni na rangi za ukili huzama kivulini. Itundike mbele, juu ya ukingo wa meza, imulike bidhaa. Giza likiingia, simama upande wa wateja: usipoona rangi vizuri, isogeze taa. Na waya usipite wanapokanyaga watoto.