Barua ya kuomba saa za taa

Mimi ni mzaliwa wa Mkolani, Mwanza, na hapa Uingereza ni muuguzi katika kitengo cha ngozi kinachotibu kwa mwanga. Leo nataka tuiandike pamoja barua moja: ya mwanaume mwenye soriasisi, anakaa Mkolani, anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, na anataka mwajiri ampangie upya saa za kazi ili awahi tiba ya taa. Ni mtu wa mfano, ila mahesabu yake yanatumika.

Nasema tuiandike kwa sababu barua nyingi ninazotumiwa na ndugu zimenakiliwa kutoka huku. Zinataja Sheria ya Usawa ya 2010. Hiyo ni sheria ya Uingereza, meneja wa Mwanza hana la kufanya nayo. Nyingine zinaomba kufikiriwa tu: naumwa, naomba msaada wenu. Meneja anamaliza kusoma bila kujua anaombwa siku zipi, saa ngapi, hadi lini. Basi anaiweka pembeni.

Tuanze na tiba yenyewe, maana ndiyo inayopanga ratiba. Katika soriasisi kinga ya mwili huichochea ngozi ijitengeneze haraka mno. Ngozi ambayo ingechukua takriban mwezi kujibadilisha hufanya hivyo ndani ya siku chache, ikarundikana kuwa mabaka yenye magamba. Taa tunayotumia hutoa mwanga wa urujuanimno wa eneo jembamba, karibu na nanomita 311, na mwanga huo hutuliza ule uchochezi. Mgonjwa anasimama ndani ya kabati lenye mirija ya taa, amevaa miwani ya kukinga macho, na mwanaume hufunika sehemu za siri. Kikao cha kwanza huweza kuwa cha sekunde tu. Baadaye ni dakika kadhaa.

Hapo meneja atauliza: dakika tatu, na wewe unataka saa nzima na nusu? Mjibu kabla hajauliza. Kuna daladala, kuna foleni, kuna kuvua nguo na kukaguliwa ngozi kabla ya kila dozi.

Ukaguzi huo una uzito wake kwa watu weusi. Ngozi nyeupe ikiungua huwa nyekundu, muuguzi anaona. Yetu huficha wekundu, kwa hiyo mgonjwa ndiye aseme kama jana usiku alisikia joto, maumivu au mwasho usio wa kawaida. Akinyamaza ili asipoteze kikao, anaongezewa dozi juu ya ngozi iliyoungua.

Vikao kwa kawaida ni vitatu kwa wiki, vikiachana angalau siku moja, kwa sababu kuungua huweza kuchelewa kujitokeza hadi siku ya pili. Dozi hupandishwa kidogo kidogo, vituo vingi kwa asilimia 10 hadi 20. Ukikosa wiki moja, kwa kawaida haipandishwi. Ukikosa wiki mbili inashushwa, na ukikosa karibu mwezi mara nyingi unaanza upya. Kwa hiyo ruhusa ya leo ndiyo, kesho hapana, haimsaidii mgonjwa wala kiwanda. Anahitaji siku zilezile kila wiki, na barua isipolieleza hilo meneja ataona ni ombi la kutoka mapema tu.

Na swali la jua? Watamwambia Mwanza jua limejaa, akaote ufukweni. Ni kweli jua huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Lakini jua lina mawimbi mengi yanayounguza, linabadilika kwa saa na mawingu, na hakuna anayelipima dozi.

Sasa saa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaweka ukomo wa kawaida: siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Mtu wetu anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukitoa saa moja ya chakula, anafanya saa 7 na nusu kwa siku, jumla 45. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atoke saa nane mchana, hizo zinabaki saa 6. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi atoke saa kumi na moja jioni, zinakuwa saa 9 kamili. Jumlisha: 18 na 27, ni 45 zilezile. Hakuna saa iliyopotea, hakuna ovataimu ya kulipwa. Anayefanya siku tano hawezi kunakili hesabu hii, maana saa 45 tayari zinamfikisha saa 9 kila siku. Akitaka siku ndefu kuliko saa 9, atahitaji makubaliano ya maandishi chini ya kifungu cha 21.

Kabla ya kuandika, athibitishe mashine ipo na inafanya kazi. Aanzie kliniki ya ngozi, kwa rufaa ikibidi. Mashine hizi si za kila hospitali, na akipelekwa mkoa mwingine hiyo ni barua ya likizo ya ugonjwa. Kituo kikisema vikao 30, ni wiki 10. Yeye aombe 12, maana ngozi ikiungua au umeme ukikatika kikao kinaahirishwa.

Barua sasa:

"Yah: Ombi la kupangiwa upya saa za kazi kwa ajili ya matibabu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, kama cheti cha daktari kilichoambatanishwa kinavyoeleza. Nimepangiwa tiba ya mwanga kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tisa alasiri. Vikao vikikatizwa, dozi hushushwa au tiba huanza upya. Naomba kwa wiki 12 nitoke saa nane mchana siku hizo, na nifidie kwa kutoka saa kumi na moja jioni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Saa zangu zitabaki 45 kwa wiki. Naomba tukutane wiki ya sita kuangalia mpango unavyokwenda. Natanguliza shukrani."

Nimelitaja jina la ugonjwa makusudi. Angeweza kuficha, ni haki yake. Lakini kiwandani watu huvua mashati chumba kimoja, na pasipo maelezo mabaka huitwa fangasi, au ukoma. Kwenye chakula uvumi huo unaweza kumtoa mtu kwenye meza ya minofu. Kwa hiyo cheti kiseme wazi kwamba soriasisi haiambukizi kwa kugusana wala kupitia chakula. Mabaka ya mikononi yenye nyufa ni suala jingine: hayo yafunikwe, na daktari aseme kama maji na glavu za kutwa nzima zinamfaa.

Wakikataa, ipo likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, kwa cheti cha daktari. Akichukua siku nzima kwa kila kikao, vikao 30 vinakula siku 30 zenye malipo. Asiiandike barua kama tishio, ila wakikutana meneja afanyiwe hesabu hiyo mezani.

Apeleke nakala mbili, yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Jibu liwe la maandishi, na msimamizi wa zamu apate nakala, kwa sababu saa nane ikifika yeye ndiye wa kumruhusu kutoka getini.