Poda za glutamini na glisini: zinachoweza na zisichoweza

Mazungumzo ya afisa wa lishe wa kaunti kwa wakazi

Kwanza chukulieni kijana mmoja mwendesha bodaboda, kilo 70, ambaye jioni huenda jimu mara nne kwa wiki. Analalamika kwamba misuli inamuuma siku ya pili na usiku usingizi hauji. Mwalimu wa jimu anamwambia anunue makopo mawili: la glutamini gramu 300 kwa ajili ya misuli, na la glisini kwa ajili ya usingizi. Kila kopo lina kijiko cha plastiki ndani. Kijana analipa, na pesa hiyo ingetosha mayai na maharagwe ya nyumba nzima kwa wiki kadhaa.

Kitu hiki ni nini? Glutamini na glisini ni amino asidi, yaani vipande vidogo ambavyo protini ya nyama, maharagwe, maziwa na samaki hujengwa kwavyo. Hizi mbili mwili hujitengenezea wenyewe kila siku, hata kama mtu hajala nyama. Glutamini ndiyo nyingi zaidi katika damu, na mwili hutengeneza makumi ya gramu kwa siku. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya na anayekula vizuri si rahisi apungukiwe.

Sasa lile kopo la misuli. Ni kweli kwamba baada ya mazoezi makali sana, kama mbio za marathoni, glutamini katika damu hushuka kwa muda. Hapo ndipo biashara ilipoanzia. Lakini mtu akimeza poda, matumbo na ini huchukua sehemu kubwa kwa matumizi yao kabla haijafika kwenye misuli. Mwaka 2001 watafiti waliwapa vijana waliokuwa wakinyanyua vyuma kiasi kikubwa cha glutamini kila siku kwa wiki sita. Nguvu na misuli yao haikuzidi ya wenzao waliopewa poda isiyo na kitu. Kuhusu maumivu ya siku ya pili, majaribio machache yenye watu wachache yameonyesha nafuu ndogo: nguvu ya mguu ilirudi mapema kidogo. Mengine hayakuonyesha tofauti yoyote.

Tazameni hesabu yake. Katika majaribio yaliyoona nafuu hiyo, kiasi kilikuwa kama gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kijana wa kilo 70 hiyo ni gramu 21. Kijiko cha ndani ya kopo ni gramu 5. Akifuata kijiko, anapata karibu robo tu ya kilichojaribiwa. Akifuata jaribio, kopo la gramu 300 linaisha siku ya kumi na tano. Kwa vyovyote vile, mnunuzi hashindi. Kijana huyu akitaka misuli ipone, kinachopungua kwake huenda ni chakula chenyewe: asubuhi chai na mkate, mchana chipsi barabarani, na protini ya maana hakuna hadi usiku. Mayai mawili asubuhi na sahani ya githeri yenye maharagwe mengi mchana vitampa amino asidi zote, glutamini ikiwemo.

Glisini ni habari nyingine kidogo. Ina utamu, na hata jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Poda ikiwa chungu, kilichomo si glisini tupu. Watafiti wa Japani waliwapa watu waliolalamikia usingizi wao gramu 3 kabla ya kulala. Waliripoti kwamba wamelala vizuri zaidi na kwamba asubuhi uchovu umepungua. Katika jaribio moja vipimo vya usingizi vilionyesha walisinzia mapema zaidi. Inadhaniwa kwamba glisini hupanua mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu, joto la ndani ya mwili likatoka na kushuka kidogo, na kushuka huko ni mojawapo ya dalili ambazo mwili hutumia kuingia usingizini.

Lakini kila jaribio lilikuwa na watu wachache, takriban kumi hadi ishirini, na baadhi ya watafiti walikuwa waajiriwa wa kampuni inayotengeneza amino asidi. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo. Linamaanisha tu kwamba mtu atarajie kidogo. Glisini si dawa ya kulaza. Haitamsaidia anayekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu saa mbili usiku, wala anayekoroma na kukatika pumzi usingizini. Huyo wa pili anahitaji kuonwa na daktari, si poda.

Anayetaka kujaribu atumie gramu 3, mara moja, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, ikayeyushwa katika maji. Kijiko cha chai cha nyumbani hakipimi sawa: kikisawazishwa juu huweza kubeba gramu 3 au zaidi ya 4, kutegemea poda ilivyo laini. Afadhali mzani mdogo wa jikoni. Kuzidisha hakuongezi usingizi, na tumbo linaweza kuchafuka. Kijana wa bodaboda aandike kwenye daftari, usiku kwa usiku, saa aliyolala na alivyoamka: wiki mbili bila poda, kisha wiki mbili akiitumia, bila kubadilisha kitu kingine. Mistari ya daftari ikifanana, kopo la pili lisinunuliwe. Supu ya miguu au ya ngozi nayo ina glisini nyingi, kwa kuwa protini ya ngozi na mishipa karibu theluthi yake ni glisini, ingawa majaribio ya usingizi yalitumia poda, si supu.

Wapo wasiopaswa kugusa makopo haya bila ushauri wa daktari. Mwenye ugonjwa wa ini ni wa kwanza, kwa sababu glutamini ikivunjwa hutoa amonia, na ini dhaifu haliwezi kuisafisha, mpaka inafika kwenye ubongo na mgonjwa anachanganyikiwa. Mwenye shida ya figo pia, na mama mjamzito. Anayetumia klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, asitumie glisini, kwani inaweza kupunguza kazi ya dawa yake. Na ndugu wasimpelekee poda ya glutamini mgonjwa mahututi hospitalini wakidhani wanamsaidia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wagonjwa wa aina hiyo waliopewa glutamini wakifariki zaidi kuliko wasiopewa.

Katika kaunti zenye selimundu wengi, wazazi huuliza kuhusu glutamini. Marekani iliidhinisha aina ya kidaktari mwaka 2017 kupunguza maumivu makali ya selimundu, gramu 5 hadi 15 mara mbili kwa siku kulingana na uzito, kuanzia umri wa miaka mitano. Katika utafiti wake, mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka manne hadi matatu kwa wastani, katika muda wa karibu mwaka mmoja. Hiyo ni dawa inayosimamiwa na kliniki. Kopo la jimu halina usimamizi huo. Mtoto anayetumia haidroksiurea asiiache kwa sababu ya poda.