Neno Moja Lililotunyima Ada

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama siku ya mkutano mkuu wa mwaka)

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumweleza mtu tunayemwombea mchango. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mpwa wangu alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Mama yake analima tangawizi huku kwetu milimani, Same, na bei mwaka ule ilikuwa imeshuka. Mimi nikaandika tangazo nikalisambaza kwenye simu: “Binti yatima mwenye ndoto ya kuwa nesi anahitaji msaada wako. Hali ni ngumu sana. Tuma chochote ulicho nacho.” Chini nikaweka namba ya shemeji yangu, kwa kuwa laini yangu ilikuwa na matatizo.

Wiki mbili zikapita. Zikaingia shilingi 85,000, zote kutoka kwa watu wanaotujua.

Kisha akanipigia kijana wetu mmoja aliyeko Mwanza. Akasema, “Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa nakaribia kuweka namba ya siri. Simu ikanionyesha jina ambalo halipo kwenye tangazo, nikaacha. Halafu huyo binti, baba yake si tulimwona sokoni mwezi uliopita?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Baba yupo, ila hamtunzi mtoto. Neno “yatima” niliandika mimi ili watu waone huruma. Binti mwenyewe hakulipenda, na sikumuuliza. Aliyejua ukweli aliona uongo, na asiyetujua akakumbuka zile meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii”. Wote wawili wakafunga mfuko.

Tukakaa chini, mimi, binti na mama yake, tukaandika upya:

“Ana miaka 19. Amezaliwa na kusoma hapa kijijini mpaka kidato cha nne. Analelewa na mama yake, mkulima wa tangawizi, na ana wadogo wawili shuleni. Amepokelewa kusomea uuguzi, kozi ya miaka mitatu. Ada ya mwaka wa kwanza ni shilingi 1,250,000. Familia imelipa 365,000, na michango ya awali ni 85,000. Zimebaki 800,000, zinazotakiwa kabla ya tarehe 30 mwezi huu. Miaka miwili inayofuata mama na mjomba wataanza kuweka akiba kila msimu wa mavuno. Anayetaka kulipa chuoni moja kwa moja ataomba namba ya malipo iliyotolewa na chuo. Anayetaka kutuma kwa simu, jina litakalotokea ni la mjomba wake, mwandishi wa tangazo hili. Tangazo la kwanza lilisema binti ni yatima. Si kweli, na tunaomba radhi.”

Mstari ule wa mwisho uliniuma kuuandika. Lakini ndio uliotajwa na wengi walionipigia.

Angalieni kilichobadilika. Hesabu inaonyesha familia imeanza kubeba mzigo wake, hivyo mgeni anajua anamalizia, habebi peke yake. Tarehe inamwambia lini jibu litajulikana. Jina kwenye simu linafanana na jina kwenye karatasi. Na ile namba ya malipo inampa mtu nafasi ya kusaidia bila kuniamini mimi hata kidogo. Wachache waliitumia, ila wengi walitulia kwa kujua ipo.

Kuna mambo tuliyoyaacha nje kwa makusudi. Hatukuweka namba ya kitambulisho wala picha ya cheti, kwa sababu tapeli huvichukua akatengeneza tangazo lake mwenyewe. Barua ya chuo ilikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na aliyetaka kuhakikisha aliongea naye. Ugomvi wa wazazi haukuandikwa, kwa kuwa haumsaidii mtu kuamua. Kama ni matibabu, jina la ugonjwa litajwe pale tu mgonjwa anapokubali. Gharama na barua ya hospitali vinatosha. Na kila sentensi asomewe mwenyewe kabla haijatoka. Huo wasifu ni wake, na atabaki nao hata ada ikishalipwa.

Siku ya kumi na moja zilikuwa zimetimia 860,000. Siku hiyohiyo nilituma risiti ya chuo kwa kila aliyechangia, nikaeleza kuwa 60,000 zimezidi na nikauliza zitumikeje. Wengi walisema anunuliwe sare na viatu vya wodini. Nikatuma na risiti ya duka.

Mwaka wa pili mavuno hayakutosha, tukapungukiwa 300,000. Wa kwanza kutuma alikuwa yule kijana wa Mwanza. Hakuuliza kitu.